Barua ya kuomba mkopo mkubwa kikundini: iandike ukianzia kwenye sanduku

Kwenye kikundi chetu cha vicoba hapa Kibaigwa, mkopo wa laki tatu hauhitaji barua. Unanyoosha mkono, unataja kiasi, wadhamini wako wanasimama, mweka hazina anahesabu, umemaliza. Ila ukivuka kiwango ulichozoea kukopa, kamati inakwambia, "Leta barua." Hapo ndipo watu wanapokwama, kwa sababu wanaandika barua ya kuomba huruma wakati kamati inatafuta kitu kingine kabisa.

Mimi ni katibu, barua hizi zinapita mikononi mwangu kabla hazijasomwa kikaoni. Nyingi zinafanana: nusu ukurasa wa salamu na shukrani, sentensi moja ya "kuendeleza biashara yangu", kisha "naahidi kurejesha kwa wakati." Barua ya namna hiyo inazua maswali ishirini na haijibu hata moja. Wanakamati hawaulizi kama una shida, maana shida kila mtu anayo. Wanachouliza ni pesa ya wenzako ikitoka kwenye sanduku, kina nani watakosa, na itarudi kwa njia gani kabla hatujagawana.

Nitaeleza kwa mfano mmoja, wa dada mwenye genge la mboga aliyetaka sh. 1,200,000 za kununua alizeti wakati wa mavuno. Bei nitakazotaja ni za mfano huu, wewe weka za soko lako.

Kabla ya kushika kalamu, nenda kwa mweka hazina

Muulize mambo matatu: jumla ya hisa za kikundi, pesa iliyopo sasa hivi, na tarehe ya kuvunja mzunguko. Usione aibu, ni haki ya kila mwanachama kujua.

Dada huyu aliuliza mwanzoni mwa Juni. Kikundi kina watu 25, hisa zote zilikuwa sh. 7,200,000, na kati ya hizo sh. 4,900,000 ziko mikononi mwa wakopaji. Iliyobaki ni sh. 2,300,000. Kwa hiyo alichotaka kuomba kilikuwa sehemu moja kwa sita ya hisa za kikundi, lakini kilikuwa zaidi ya nusu ya pesa iliyopo. Hizo ni picha mbili tofauti, na ya pili ndiyo inayomnyima mwenyekiti usingizi. Julai shule zinafunguliwa muhula wa pili, na kila mwaka wiki hizo wazazi wanapanga foleni ya mikopo midogo ya sare na michango. Mtu mmoja akibeba nusu ya sanduku katikati ya Juni, manung'uniko yanaanza hata kama katiba inamruhusu.

Na katiba ilimruhusu. Kwetu mwanachama anakopa hadi mara tatu ya hisa zake. Alikuwa na hisa 110 za sh. 5,000, yaani sh. 550,000, hivyo ukomo wake ni sh. 1,650,000. Wengi wakishapiga hesabu hiyo wanaandika kiasi cha ukomo moja kwa moja. Usifanye hivyo. Kiasi cha kuomba kinatoka kwenye hesabu ya kazi yenyewe. Ukomo ni ukuta tu wa kukuzuia usizidi. Kamati ikiona umeomba mara tatu kamili hadi shilingi ya mwisho, inajua hukupiga hesabu yoyote.

Dawa aliyoipata kwa tatizo la sanduku ni kuomba mkopo kwa awamu mbili: sh. 700,000 katikati ya Juni, na sh. 500,000 wiki mbili baadaye, marejesho ya wengine yakiwa yameingia. Hakupoteza chochote, kwa sababu alizeti hainunuliwi yote kwa siku moja. Kwa kikundi, awamu ya pili ikawa nafasi ya kuthibitisha kwamba ya kwanza imeenda ilikosemwa.

Sababu: eleza pesa inageuka kuwa nini

"Biashara ya alizeti" haitoshi kuwa sababu. Eleza pesa inaingia wapi, inageuka kuwa nini, inatoka lini. Hapa kwetu mvua ni msimu mmoja, alizeti inavunwa kuanzia Mei na Juni, na wakulima wengi wanauza hapohapo kwa sababu wanahitaji pesa. Bei ya mbegu inakuwa chini. Miezi ya mbele inapopungua sokoni, bei hupanda. Dada alitaka kununua gunia 25, akamue kumi mapema ili pesa ianze kuzunguka, kumi na tano azitunze hadi mwisho wa Septemba.

Gharama zake zilikuwa hivi. Gunia moja la kilo 65 ni sh. 50,000 na usafiri hadi nyumbani ni sh. 2,000, kwa hiyo gunia 25 zinafika kwake kwa sh. 1,300,000. Kukamua ni sh. 5,000 kwa gunia, jumla sh. 125,000. Madumu ishirini ya lita 20 kwa sh. 3,500 ni sh. 70,000. Yote pamoja sh. 1,495,000. Yeye mwenyewe ana sh. 295,000, anaomba sh. 1,200,000.

Hiyo pesa yake mwenyewe isikose kwenye barua. Mwombaji anayeweka hata kidogo cha mfukoni anasikilizwa tofauti na anayetaka kikundi kibebe kila kitu.

Upande wa mapato, alikadiria lita 16 kwa gunia, hivyo gunia 25 zinatoa lita 400, madumu 20. Mashudu aliyaweka viroba 20 vya kilo 50, kimoja sh. 20,000, maana wafugaji wanayanunua. Nilimwambia aangalie mambo mawili hapa. Lita 16 inapatikana kwa mbegu iliyojaa na iliyokauka. Mbegu nyepesi yenye mapepe mengi inaweza kukupa 12 au 13 tu, kwa hiyo kamua gunia moja la majaribio kwa muuzaji huyohuyo kabla hujachukua zote. La pili, nunua kwa mizani. Gunia la kukisia kwa macho ukilinunua unaweza kulipia kilo 65 ukabeba 58, na hesabu yako yote ya barua ikawa uongo bila wewe kudanganya. Na mbegu ya kutunza ianikwe kwanza. Ikiwekwa na unyevu inapata joto ndani ya gunia, inaota ukungu, na mafuta yake yanaharibika.

Bei ya dumu siku hiyo ilikuwa sh. 82,000. Kwenye barua aliandika sh. 75,000. Fanya hivyo na wewe: piga hesabu kwa bei ya chini kuliko ya leo, na uiseme wazi kwamba ni ya chini. Akiuza madumu 20 kwa sh. 75,000 anapata sh. 1,500,000, na mashudu sh. 400,000, jumla sh. 1,900,000. Ukitoa gharama sh. 1,495,000 na riba ya asilimia 10 ya mkopo, sh. 120,000, anabaki na sh. 285,000. Faida si kubwa ya kutisha. Kamati iliipenda kwa sababu hiyohiyo. Mwaka mwingine kaka mmoja alituletea hesabu ya kuku iliyomwonyesha faida mara mbili ya mtaji ndani ya miezi mitatu, hakuna kuku hata mmoja aliyekufa kwenye karatasi yake. Tulicheka, tukampa robo ya alichoomba.

Marejesho: usihesabu pesa ya genge mara mbili

Hapa ndipo barua nyingi zinapoanguka. Mtu anasema genge linamwachia sh. 30,000 kwa wiki, kwa hiyo kwa mwezi ana sh. 120,000 za kurejesha. Anasahau kwamba pesa hiyohiyo ndiyo inayonunua hisa kila Jumamosi. Dada huyu alikuwa ananunua hisa tano, sh. 25,000, na sh. 1,000 ya mfuko wa jamii. Ukitoa hizo, genge linabakiwa na sh. 4,000 tu kwa wiki. Hiyo hairejeshi mkopo wa mtu.

Tulikaa chini tukapanga upya. Kwa miezi ya mkopo atapunguza hisa kutoka tano hadi tatu. Genge litabaki na sh. 14,000 kwa wiki, na pesa hiyo haitaingia kwenye marejesho ya kawaida, itakaa pembeni kuziba pengo. Marejesho yenyewe yatatoka kwenye alizeti peke yake.

Kisha tukayapanga yafuate mauzo. Kugawa sh. 1,320,000 kwa miezi mitano ni sh. 264,000 kila mwezi, inapendeza machoni lakini Septemba ingembana, kwa sababu mwezi huo mafuta ya kwanza yameisha na ya pili hayajakamuliwa. Gunia kumi za kwanza zinatoa madumu manane, sh. 600,000, na viroba vinane vya mashudu, sh. 160,000. Hiyo ni sh. 760,000 ya kubeba Julai, Agosti na Septemba. Akirejesha sh. 220,000, 300,000 na 200,000, jumla sh. 720,000, anavuka kwa shida lakini anavuka. Gunia kumi na tano za mwisho zinaleta sh. 1,140,000, na zilizobaki kudaiwa ni sh. 600,000 tu.

Kisha ujaribu mpango wako kwa kuuangusha. Dumu likishuka hadi sh. 60,000? Gunia kumi za kwanza zinaleta sh. 640,000, na Septemba anapungukiwa sh. 80,000. Akiba ya genge kwa wiki kumi na moja ni zaidi ya sh. 150,000, inaziba. Sasa mwandikie mwenyekiti hilo, kabla hajauliza.

Kuhusu mwisho wa mkopo: mzunguko wetu unavunjwa katikati ya Desemba. Usipange rejesho la mwisho wiki ya kugawana. Acha angalau wiki mbili, kwa sababu ukichelewa hapo unachelewesha watu 24 waliokwishapanga pesa yao ya sikukuu na ya Januari.

Wadhamini

Hisa zako zinashikilia sehemu ya deni, wadhamini wanashikilia pengo. Deni na riba ni sh. 1,320,000, hisa zake ni sh. 550,000, pengo ni sh. 770,000. Alileta wadhamini wawili wenye hisa za sh. 400,000 kila mmoja, jumla sh. 800,000, na wote hawana mkopo. Mdhamini mwenye mkopo wake hisa zake zimeshafungwa huko. Vivyo hivyo, usimlete mtu ambaye wewe unamdhamini. Mkiyumba mnayumba pamoja, na kikundi hakina cha kushika. Waonyeshe wadhamini hesabu nzima, si kiasi tu. Na mwenza wako wa nyumbani asaini kwamba anafahamu, hata kama katiba yenu hailazimishi. Nimeshashuhudia gunia za mkopo zikiuzwa na mume ambaye hakujua ni za kikundi.

Barua yenyewe

Ukurasa mmoja na nusu unatosha, kwa mkono au kwa kompyuta. Majina na namba zimeachwa wazi.

> S.L.P. ……, Kibaigwa
> 8 Juni 20……
>
> Mwenyekiti,
> Kikundi cha ……………,
> Kupitia: Katibu wa Kikundi
>
> Ndugu Mwenyekiti,
>
> YAH: OMBI LA MKOPO WA SH. 1,200,000 WA KUNUNUA NA KUKAMUA ALIZETI
>
> Rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanachama namba ……, nina hisa 110 zenye thamani ya sh. 550,000. Naomba mkopo wa sh. 1,200,000 kwa miezi mitano, kwa riba ya asilimia 10 kama katiba yetu inavyosema. Kiasi hiki kiko chini ya mara tatu ya hisa zangu.
>
> Mzunguko uliopita nilikopa sh. 500,000 na Februari mwaka huu sh. 300,000. Mikopo yote nimemaliza. Rejesho moja la Machi nililichelewesha wiki moja kwa sababu ya kuuguza, nikalipa faini ya sh. 5,000.
>
> Nataka kununua gunia 25 za alizeti wakati huu wa mavuno. Gunia 10 nitazikamua mwanzoni mwa Julai, na 15 mwisho wa Septemba. Gharama zote ni sh. 1,495,000: mbegu sh. 1,250,000, usafiri sh. 50,000, kukamua sh. 125,000 na madumu sh. 70,000. Mimi nachangia sh. 295,000.
>
> Natambua kuwa Julai wenzetu wengi wanakopa kwa ajili ya shule. Kwa hiyo naomba nipewe sh. 700,000 tarehe ya kikao cha katikati ya Juni, na sh. 500,000 baada ya wiki mbili, kamati ikishaziona gunia 13 za mwanzo nyumbani kwangu.
>
> Nategemea madumu 20 ya mafuta na viroba 20 vya mashudu. Kwa bei ya sh. 75,000 kwa dumu, ambayo ni chini ya bei ya leo, na sh. 20,000 kwa kiroba, nitapata sh. 1,900,000.
>
> Nitarejesha Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi:
> Julai sh. 220,000
> Agosti sh. 300,000
> Septemba sh. 200,000
> Oktoba sh. 250,000
> Novemba sh. 350,000
> Jumla sh. 1,320,000
>
> Bei ikishuka hadi sh. 60,000 kwa dumu, Septemba nitapungukiwa sh. 80,000. Pengo hilo nitaliziba kwa sh. 14,000 za kila wiki kutoka kwenye genge, ambazo nazitenga kwa kupunguza hisa zangu kutoka tano hadi tatu hadi Novemba.
>
> Wadhamini wangu ni mwanachama namba …… na namba ……, wenye hisa za sh. 400,000 kila mmoja. Mume wangu anafahamu ombi hili na ameweka sahihi hapa chini.
>
> Niko tayari kuja kujibu maswali.
>
> Wako katika kikundi,
> Sahihi …………… Jina …………… Simu ……………
> Wadhamini: 1. …………… 2. ……………
> Mwenza: ……………

Utaona ameitaja faini yake mwenyewe. Wengine wanaificha, na hawajui kwamba nikishamaliza kusoma barua nafungua daftari la mikopo na kusoma historia ya mwombaji mbele ya wote. Lililofichwa likitoka kwenye daftari linachafua hata yale mazuri.

Shukrani ndefu hazimo, wala "nitashukuru sana endapo ombi langu litafikiriwa kwa jicho la huruma." Sijawahi kuona kamati ikilipigia kura jicho la huruma.

Kuipeleka

Mpe katibu barua wiki moja kabla ya kikao, nakala mbili. Moja agonge muhuri au asaini amepokea, ubaki nayo. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi kama vyetu viko daraja la nne na vinasajiliwa, kwa hiyo kumbukumbu za mikopo si za kuweka kichwani tena. Barua yako inakaa kwenye jalada pamoja na muhtasari wa kikao kilichoijadili. Siku mkipishana kauli kuhusu tarehe au kiasi, karatasi hiyo ndiyo itakayoamua.

Kikaoni jiandae kwa swali la kupunguziwa. Kamati ikisema, "Tunakupa laki nane," usijibu ndiyo hapohapo kwa kuogopa kukosa zote. Gunia moja kwa gharama zote linakula kama sh. 59,800. Laki nane pamoja na sh. 295,000 zake ni sh. 1,095,000, zinatosha gunia 18. Dada alikuja na hesabu hiyo ameiandika nyuma ya daftari lake la hisa, na jedwali jipya la marejesho. Kuna mkopo ukipunguzwa hauna maana tena, kwa mfano wa kununua mashine, kwa sababu nusu ya mashine haikamui. Kama wako ni wa namna hiyo, sema afadhali usubiri kikao kijacho.

Yeye hawakumpunguzia. Mjumbe mmoja, mzee mwenye shamba lake la alizeti, aliuliza kitu kimoja tu: gunia zitalala wapi? Akajibu chumba cha nyuma, juu ya mbao, si kwenye sakafu. Wiki mbili baadaye tulikwenda wawili kuhesabu. Zilikuwa 13, juu ya mbao, na paka amefungwa mlangoni kwa ajili ya panya. Jumamosi iliyofuata mweka hazina akamhesabia sh. 500,000.